Somo la Mwezi Huu: Kibao cha Friji na Hesabu ya Stima

Mkulima anayekwenda dukani kununua friji huuliza kwanza bei yake, kisha hufungua mlango atazame kama mkebe wa maziwa utaingia. Hayo ni mambo mema, lakini friji ina bei mbili. Bei ya kwanza hulipwa mara moja pale dukani. Bei ya pili hulipwa kila mwezi kwa kununua tokeni, muda wote friji inapokaa nyumbani, nayo haikuandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Dalili yake imeandikwa kwenye kibao kidogo ambacho watu wengi hukipita bila kukitazama. Katika somo hili tutakisoma kibao hicho, kisha tutafanya hesabu ya mwezi mmoja, nawe utaona kwa nini watu wawili waweza kusoma kibao kimoja na kupata hesabu mbili zilizo mbali kabisa.

Uchukue kalamu na karatasi. Hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Kibao kiko wapi, na kinasema nini

Fungua mlango wa friji utazame ukuta wa ndani, upande wa kushoto au wa kulia, chini karibu na sanduku la mboga. Mara nyingi kibandiko kimebandikwa hapo. Kama hakipo, geuza friji utazame nyuma, karibu na ile mota nyeusi iliyo chini. Tuseme friji unayoitaka ni ya milango miwili, ya kadiri, na kibao chake kimeandikwa hivi:

```
220-240 V ~ 50 Hz
0.8 A
110 W
Defrost 150 W
Lamp 2 W
0.70 kWh/24h
ST
```

Mstari wa kwanza wasema kwamba friji hii imetengenezwa kwa stima ya volti 220 hadi 240. Stima ya nyumba za Kenya ni volti 240, kwa hivyo yafaa. Ukiona friji ya mtumba imeandikwa 110 V au 120 V peke yake, hiyo ilitengenezwa kwa nchi nyingine, na ukiichomeka hapa mota itaungua. Usiinunue hata kama bei yake ni nzuri.

Mstari wa pili ni ampea, yaani wingi wa stima unaopita katika waya friji inapofanya kazi. Mstari wa tatu ni wati, yaani nguvu ambayo mashini hula. Mistari miwili inayofuata ni wati pia, lakini si wati za mota. Ile 150 W ni ya waya wa moto ulio ndani, unaoyeyusha barafu. Huo huwaka kwa dakika chache tu, kisha huzimika kwa saa nyingi. Ile 2 W ni ya taa ndogo inayowaka mlango ukifunguliwa. Watu wengine huona 150 ndiyo namba kubwa, wakaifanyia hesabu ya usiku na mchana. Wengine huona 2 W wakafurahi bure. Namba ya mota ndiyo tunayoitaka, na hapa ni 110 W.

Mstari wa sita, wenye kWh/24h, ndio wenye thamani kuliko yote, nao si kila kibao kinao. Tutaurudia. Hizo herufi ST tutazirudia vilevile.

Hesabu ya kwanza, ambayo si sawa

Yuniti moja unayoinunua katika tokeni ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 100 imekula yuniti moja. Pasi ya wati 1,000 hula yuniti hiyo hiyo kwa saa moja ikiwa moto haukatiki.

Sasa kuna mtu husema hivi: fundi alinifundisha kwamba volti ukizizidisha kwa ampea wapata wati. Basi 240 mara 0.8 ni 192. Friji haizimwi, kwa hivyo 192 mara saa 24 mara siku 30 ni 138,240. Gawanya kwa 1,000, zapatikana yuniti 138 kwa mwezi. Akiona hivyo huogopa, akaacha friji dukani.

Mtu wa pili asoma 110 W kama ilivyoandikwa. Azidisha 110 kwa 24 na kwa 30, agawanya kwa 1,000, apata yuniti 79. Huyu amekaribia zaidi, lakini naye bado yuko mbali.

Makosa yao ni mawili, na kila moja lina sababu yake. Kosa la yule wa kwanza ni kutegemea ampea. Kanuni ya volti mara ampea ni ya kweli kabisa kwa vitu vinavyotoa moto tu, kama pasi na birika ya stima. Mota si hivyo. Mota huvuta stima zaidi ya ile inayofanya kazi, na sehemu ya stima hiyo huenda na kurudi katika waya bila kuliwa. Mita ya nyumbani huhesabu ile inayoliwa peke yake. Ndiyo sababu kibao chetu kina 110 W, ingawa volti mara ampea ni 192. Kwa hiyo, kibao kikiwa na ampea bila wati, fanya ile hesabu ya kuzidisha, lakini ujue kwamba umepata kikomo cha juu. Wati zenyewe zitakuwa chini ya hapo.

Usidhani basi kwamba ampea hazina faida. Ampea ndizo zitakazokuambia kama waya na soketi zitaihimili friji. Kwa 0.8 A, soketi yoyote nzuri yatosha. Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta kwa nukta chache ampea mara kadhaa kuliko zile zilizoandikwa. Jambo hili ndilo huwashangaza watu wenye jenereta ndogo au mtambo wa jua: kibao chasema wati 110, mtambo waweza wati 300, na bado hushindwa friji inapoanza. Kwa stima ya mtaa haidhuru, ila usiipitishie katika waya mwembamba wa kuunganisha wenye vichwa vitano, pamoja na pasi na televisheni.

Kosa la pili wamelifanya wote wawili. Wamedhani kwamba friji ikiwa imechomekwa saa 24, mota nayo inazunguka saa 24. Sivyo. Sikiliza friji yoyote iliyo nzima: itanguruma kwa muda, kisha itatoa sauti ndogo na kunyamaza. Ndani kuna swichi inayopima baridi. Baridi ikitosha, hukata stima ya mota. Joto likirudi kidogo, huiwasha tena. Ndipo ikawa mota hufanya kazi sehemu ya siku tu. Katika mahali pa baridi ya kadiri, friji nzima huzunguka yapata theluthi moja ya siku, na pengine ikakaribia nusu kama kuna joto au mlango wafunguliwa sana. Theluthi ya saa 24 ni saa 8.

Basi fanya hesabu tena: wati 110 mara saa 8 ni 880 kwa siku. Mara siku 30 ni 26,400. Gawanya kwa 1,000, utapata yuniti 26 na kidogo kwa mwezi. Yule wa kwanza alisema 138.

Mstari wa kWh/24h

Watengenezaji wengine wamekufanyia kazi hii. Kibao chetu kimeandikwa 0.70 kWh/24h, maana yake friji hula yuniti 0.70 kwa usiku na mchana mmoja. Hapo usihangaike na ampea wala wati. Zidisha 0.70 kwa 30, upate yuniti 21 kwa mwezi.

Friji mpya zinazouzwa Kenya hupaswa pia kuwa na kibandiko cha nyota mlangoni, kwa kanuni za serikali za mwaka 2016, na hicho huonyesha yuniti za mwaka mzima. Ukikuta kimeandikwa 255, gawanya kwa 12, utapata 21 na kidogo, hesabu ile ile. Hapa ndipo penye kulinganisha friji mbili zilizosimama bega kwa bega dukani. Usizilinganishe kwa wati za mota, maana mota ya wati 90 inayozunguka saa 14 itakula zaidi ya mota ya wati 110 inayozunguka saa 8. Linganisha yuniti za mwaka.

Lakini mbona 21, na sisi tulipata 26? Namba ya kibao ilipimwa katika chumba maalumu, kwa joto lililopangwa, mlango umefungwa. Hakuna mtoto aliyefungua mlango kutafuta soda, wala mama aliyeweka sufuria ya maharagwe yenye mvuke. Chukua namba ya kibao, uongeze robo yake kwa ajili ya maisha ya nyumbani. Robo ya 21 ni 5 na kidogo, na jumla ni 26. Hesabu mbili zilizopita njia mbali mbali zikikutana hivi, waweza kuziamini.

Mahali unapokaa nako kuna neno. Katika ploti za Kinangop, ambako usiku ni wa baridi kali, mota hupumzika sana. Friji ile ile ukiipeleka kwa mkulima wa Magarini, kule Kilifi, itanguruma muda mrefu zaidi kila siku, maana joto la nje halikomi kujipenyeza ndani. Mkulima wa Magarini afanye hesabu yake kwa saa 12 badala ya 8, naye atapata yuniti 39 au 40. Herufi ST za kibao ndizo zinazohusu jambo hili. Herufi N ni ya mahali ambapo joto la chumba ni digrii 16 hadi 32 za Selsiasi, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Mtu wa pwani atafute T au ST. Mtu wa Kinangop atafute kibao chenye SN, ambayo huanzia digrii 10, kwa sababu jikoni mwake usiku hushuka chini ya 16. Friji isiyo ya namna hiyo, chumba kikiwa baridi mno, mota yake husahau kuwaka, na nyama iliyo katika sehemu ya barafu huanza kulainika. Hilo likitokea, si lazima friji iwe mbovu.

Kutoka yuniti hadi shilingi

Sasa tuna yuniti 26. Je, ni shilingi ngapi? Usimwulize jirani bei ya yuniti, maana yake yaweza kuwa mbali na yako. Tazama ujumbe wa tokeni ya mwisho uliyoinunua. Chukua pesa zote ulizolipa, pamoja na kodi na tozo zote, ugawanye kwa yuniti ulizopewa. Kama ulikuwa unakatwa deni, kwa mfano la kuunganishiwa stima, litoe kwanza. Tuseme ulilipa shilingi 440 ukapata yuniti 22. Bei yako ni shilingi 20. Bei hizi ni za mfano; wewe utumie zako.

Mkulima wa haraka atazidisha 26 kwa 20, apate shilingi 520, akafunga daftari. Lakini hapa pana shimo, na wengi wametumbukia humo bila kujua wametumbukia wapi.

Kwa taratibu iliyoanza kutumika Aprili 2023, nyumba ziligawanywa mafungu matatu: zinazotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi, zinazozidi 30 hadi 100, na zinazopita 100. Fungu la kwanza ndilo lenye bei ya chini. Fungu lako huamuliwa kwa wastani wa miezi mitatu, na ukishahama fungu, yuniti zako zote hulipiwa bei ya fungu jipya, hata zile za taa na redio ulizokuwa nazo tangu zamani.

Tazama basi nyumba yetu. Kabla ya friji ilitumia yuniti 22: taa, redio, televisheni kidogo na kuchaji simu. Friji ikiingia, 22 na 26 ni 48. Mwezi wa kwanza utanunua tokeni kwa bei yako ya zamani, nawe utasema hesabu ilikuwa sawa. Lakini jumlisha miezi mitatu: 22, na 22, na 48. Ni 92, na ukigawanya kwa 3 ni yuniti 30 na theluthi mbili. Wastani umevuka 30. Kuanzia hapo bei itapanda. Tuseme yuniti sasa yakufikia kwa shilingi 26 pamoja na kodi na tozo. Yuniti 48 mara 26 ni shilingi 1,248. Zamani ulikuwa ukilipa 440. Tofauti ni shilingi 808, wala si 520.

Hiyo 808 ndiyo gharama ya friji kwa mwezi katika nyumba hii. Na ndiyo sababu mtu hulalamika kwamba tokeni zinaibwa, au kwamba friji imeharibika katika mwezi wake wa pili, ilhali friji ni nzima na mita ni nzima. Nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 50 kabla ya friji haitaona jambo hili, kwa kuwa 50 na 26 ni 76, nayo inabaki katika fungu lile lile. Lakini nyumba ya yuniti 80 itavuka 100. Kwa hivyo kabla hujanunua, tafuta jumbe zako za tokeni za miezi mitatu, ujue umesimama wapi.

Sasa waweza kuuliza kama yakufaa. Kama chama cha ushirika chakupa shilingi 45 kwa lita, shilingi 808 ni lita 18 za maziwa kwa mwezi. Mkulima ambaye maziwa yake ya jioni humwagika, au huuzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa gari hupita asubuhi tu, atazirudisha lita 18 kwa siku chache. Mkulima ambaye maziwa yote ya jioni hunywewa na watoto atakuwa amenunua friji kwa ajili ya starehe. Si vibaya, lakini ajue ni shilingi ngapi.

Maziwa ya moto

Kwa kuwa tumetaja maziwa, kuna jambo moja ambalo hubadili hesabu yote. Friji ya nyumbani ilitengenezwa kutunza baridi ya vitu vilivyokwisha kupoa. Si mashini ya kupozea maziwa yatokayo kwa ng'ombe. Maziwa lita 10 yenye joto la mwili wa ng'ombe, yakishushwa hadi baridi ya friji, yana joto la kutolewa linalofikia yapata theluthi ya yuniti, na mota hula kama sehemu ya tano ya yuniti kulitoa. Ukifanya hivyo kila jioni, umeongeza yuniti 6 kwa mwezi. Kwa shilingi 26 hizo ni 156.

Tena pesa si hasara kubwa. Hasara kubwa ni kwamba maziwa ndani ya mkebe mkubwa hupoa polepole sana katika hewa ya friji, na kwa saa hizo zote vijidudu vinazaana, hata asubuhi maziwa yakakataliwa. Pia vitu vingine vilivyomo hupashwa joto. Weka mkebe kwanza ndani ya karai la maji ya baridi, maji yafikie kimo cha maziwa, uyakoroge maziwa kwa chombo safi, na ubadili maji yakipata joto. Maji ya kisima au ya mto wa Kinangop yatatoa zaidi ya nusu ya joto bila malipo yoyote. Kisha gawanya maziwa katika vyombo vidogo safi vyenye vifuniko, ndipo uyatie ndani.

Kuhakikisha kwa mita

Hesabu ya kibao ni makadirio. Mita ndiyo itakayosema kweli, na jaribio lake halina gharama. Acha kwanza friji ikae siku mbili au tatu mpaka ipoe vizuri. Kisha usiku wa saa tatu zima kila kitu kingine, na chaja za simu uzichomoe. Soma kwenye kisanduku cha tokeni yuniti zilizobaki, pamoja na tarakimu za nyuma ya nukta, uziandike. Saa kumi na moja alfajiri, kabla taa haijawashwa wala mlango wa friji haujafunguliwa, soma tena.

Tuseme usiku ilikuwa 14.62 na alfajiri ni 14.41. Friji imekula 0.21 kwa saa 8. Mara tatu ni 0.63 kwa saa 24. Lakini usiku ni baridi na mlango hukufunguliwa, kwa hivyo ongeza theluthi kwa ajili ya mchana, na hapo ni 0.84 kwa siku. Mara 30 ni yuniti 25. Kibao na mita vimekubaliana.

Kama mita yenyewe iko karibu ambapo waweza kuiona, wala haiko juu ya nguzo, kuna njia ya haraka zaidi. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake taa hupepesa mara 1,000 kwa kila yuniti. Zima vitu vyote ila friji, na mota ikiwa inanguruma hesabu nukta za saa kati ya mpepeso mmoja na wa pili. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa nukta hizo, utapata wati. Ukihesabu nukta 33, friji inakula wati 109, sawa na kibao. Ukihesabu 45, ni wati 80, na usishangae, kwa kuwa namba ya kibao ni ya kazi nzito na mota mara nyingi hula chini yake. Mita iliyoandikwa namba nyingine, kwa mfano 1600, hupepesa haraka zaidi, na hesabu yake ni tofauti.

Ikiwa mita yaonyesha mara mbili ya makadirio yako, sikiliza mota kwanza. Kama hainyamazi kabisa, baridi inatoroka au joto halipati njia ya kutoka. Funga mlango juu ya karatasi ya daftari kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka, nao waweza kubadilishwa na fundi. Tazama sehemu ya barafu: barafu iliyozidi unene wa kidole huzuia baridi, basi zima friji uiache iyeyuke, wala usiikwangue kwa kisu, maana ukitoboa bomba gesi yote itatoka. Kisha tazama nyuma. Mabomba membamba ya nyuma ndiyo yanayotoa joto nje, na yakijaa vumbi, au friji ikisukumwa ikagusa ukuta, mota itazunguka mchana kutwa. Acha nafasi ya upana wa kiganja, na usiiweke karibu na jiko la kuni.

Mwenye kununua friji ya mtumba mara nyingi atakuta kibao kimefutika au kimeng'olewa. Huyo amwombe muuzaji aichomeke hapo hapo dukani, imwage baridi kwa saa mbili tatu, na asikilize kama mota itafika wakati wa kunyamaza. Kama haikunyamaza ikiwa tupu na mlango umefungwa, nyumbani haitanyamaza, na saa zake ni 24.